Aya ya kumshukuru mfadhili katika taarifa fupi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya Rungwe, Njombe, Makete, Mufindi na kwingineko Nyanda za Juu Kusini, mara nyingi taarifa ikiwa imebakiza siku mbili tu kutumwa. Yote yanahusu kipande kimoja cha taarifa: ile aya inayomshukuru mfadhili huku ikimwonyesha msaada wake umefanya nini.

Mfano tunaoutumia ni mmoja kuanzia juu hadi chini. Ni kikundi cha wafugaji katika kata moja ya Rungwe, kilichopewa mitamba 10 wenye mimba mwezi Machi na kinachotakiwa kutuma taarifa mwanzoni mwa Oktoba. Kikundi ni cha kubuni na tarakimu zake ni za kielelezo, ila hesabu zinapigwa kama zinavyopigwa kwenye vikundi vyenyewe.

## Mambo ya msingi

1. Aya iwe ndefu kiasi gani, na ikae wapi?

Kwa taarifa ya kurasa mbili au tatu, maneno 100 hadi 130 yanatosha. Hizo ni sentensi sita hadi nane. Ukizidi hapo utajikuta unarudia yaliyomo kwenye jedwali la matumizi, na msomaji ataanza kuruka mistari.

Wengi huiweka mwishoni, kama kufunga kikao. Mimi naishauri ikae mwanzoni, mara baada ya kichwa cha taarifa. Ofisa anayepokea taarifa yako naye ana watu anaowajibika kwao: bodi, waumini wa kanisa fulani, au wachangiaji waliotoa kidogo kidogo. Mara nyingi hunyofoa aya hiyo moja na kuwapelekea. Wao hawataona jedwali wala viambatisho vyako. Kwa hiyo aya lazima ijitosheleze: mtu asiyejua lolote kuhusu mradi aisome na aelewe nini kilitolewa, lini, wapi, na kimeleta nini.

2. Ndani yake kuwe na nini hasa?

Kwanza, kitu chenyewe kilichotolewa, kwa jina lake. "Msaada wenu" ni maneno yanayoweza kumfaa mfadhili yeyote wa kitu chochote. "Mitamba 10 wenye mimba mliotupatia Machi" ni ya huyu mmoja. Pili, kilichobadilika kwenye maisha ya watu, kikiwa na namba mbili au tatu. Tatu, mtu mmoja au jambo moja linaloonekana kwa macho. Nne, neno la asante lenyewe, ambalo likitanguliwa na hayo matatu halihitaji kuwa refu.

Mpangilio si sheria. Wapo wanaoanza na asante na ikakaa vizuri. Kinachoharibu ni pale asante inapokaa kwenye aya yake na matokeo kwenye ukurasa mwingine, kwa sababu msomaji haoni unashukuru kwa lipi.

3. Nani ashukuru: mwenyekiti, kikundi au wanufaika?

Kikundi. Andika "sisi", kisha mwenyekiti na katibu watie saini chini kama kawaida. Aya inayoanza na "Mimi kama mwenyekiti" humfanya mfadhili ajiulize kama wengine wanajua kilichoandikwa. Njia nzuri ni kuisoma rasimu kwenye mkutano wa kikundi kabla haijatumwa. Wanachama watasahihisha yale ambayo katibu hakuyaona, na mara nyingi sentensi bora ya aya nzima hutoka kwa mama aliyekaa nyuma ambaye hajaandika barua maishani mwake.

Na msijifute. Kama wanachama walijenga mabanda, walipanda matete na kubeba maji, mstari mmoja useme hivyo. Mfadhili hufurahi kujua kwamba mkono wake ulikutana na mikono mingine.

## Matokeo

4. Tumetekeleza kila kitu kilichopangwa. Hayo si matokeo?

Hayo ni yaliyofanyika. Mitamba wamenunuliwa, mafunzo ya siku tatu yametolewa, mabanda 10 yamekaguliwa na afisa mifugo. Ni kazi kubwa na inastahili kuandikwa, lakini sehemu yake ni jedwali la utekelezaji. Aya ya shukrani inahitaji kilichobadilika: nini kipo leo kwenye kaya ambacho Februari hakikuwepo.

Njia rahisi ya kuvitenganisha ni kuuliza, "Kingekuwa kweli hata kama ng'ombe wote wangekufa kesho yake?" Kwamba mitamba 10 waligawiwa kingebaki kweli. Kwamba mafunzo yalifanyika kingebaki kweli. Kwamba Septemba kaya nane zilipeleka maziwa kituoni kila asubuhi kisingewezekana. Hicho cha mwisho ndicho cha kuandika.

Hapa ndipo inapofaa kujua hali ya mwanzo. Katika mfano wetu ni rahisi, kwa sababu kaya zilichaguliwa kwa sharti kwamba hazikuwa na ng'ombe wa maziwa. Lita zilikuwa sifuri. Kama kaya zako zilikuwa tayari na ng'ombe wa kienyeji wanaotoa lita moja au mbili, lazima useme hivyo, la sivyo unamshukuru mfadhili kwa maziwa ambayo hakuyaleta.

5. Niweke namba ngapi, na nizitoe wapi?

Mbili au tatu. Moja ya uzalishaji, moja ya watu, na ukipenda moja ya yajayo. Zikifika sita, hakuna inayokumbukwa.

Chukua ile ya maziwa. Chanzo chake ni daftari la kituo cha kukusanyia maziwa, ambako kila asubuhi maziwa hupimwa na jina la mwanachama huandikwa. Tuseme kwa Septemba nzima ng'ombe wanane wanaokamuliwa wamepeleka lita 1,920. Gawanya kwa siku 30, unapata lita 64 kwa siku. Gawanya kwa ng'ombe 8, unapata lita 8 kwa kila ng'ombe kwa siku. Kwa ng'ombe chotara wa uzao wa kwanza aliyelishwa majani na pumba kiasi, namba hiyo inaaminika. Ingetoka 25 ungejua kwamba kuna mahali hesabu imekosewa: labda umehesabu maziwa ya watu wasio wa mradi, au umegawanya kwa siku chache.

Sasa angalia maneno. Lita 1,920 ni maziwa *yaliyopelekwa kituoni*. Hayajumuishi aliyonyonya ndama, waliyokunywa watoto nyumbani, wala aliyouziwa jirani jioni. Ukiandika "ng'ombe walitoa lita 1,920" umeandika kitu ambacho daftari halisemi. Ukiandika "kaya zilipeleka kituoni lita 1,920" umesema kweli tupu, na mfadhili akija kukagua atakuta daftari na aya vinasema jambo moja. Pia usichague wiki moja iliyokuwa nzuri ukaizidisha mara nne. Tumia mwezi mzima, na uutaje.

Ng'ombe akizaa katikati ya mwezi, usimhesabu kama wa mwezi mzima. Siku zake za kwanza ni za dang'a, ambayo ni chakula cha ndama na haipelekwi kituoni. Katika mfano wetu wote wanane walikuwa wameshavuka hatua hiyo kabla ya Septemba, ndiyo maana tukachagua mwezi huo.

6. Naweza kuandika mapato ya kaya? Wafadhili wengi wanapenda kusikia pesa.

Unaweza, ila kwa uangalifu. Tuseme kituo kinanunua lita moja kwa shilingi 900. Lita 1,920 zinaleta shilingi 1,728,000, na kwa kaya nane ni wastani wa shilingi 216,000 kila moja. Hiyo si faida. Humo ndani kuna pumba, mashudu, madini ya kulamba, dawa ya kupe, na pesa ya mhimilishaji ng'ombe atakapohitaji kupandishwa tena. Ukiiita faida, mwaka ujao mfadhili atauliza kwa nini kaya inayobakiza 216,000 kila mwezi bado inaomba kusaidiwa dawa ya kuogeshea.

Andika "mapato kabla ya kutoa gharama", au, na hili ndilo ninalolipendelea, andika pesa ilifanya nini. "Kaya tano zimelipia bima ya afya kwa pesa ya maziwa" ni sentensi inayoeleweka kwa mtu wa popote, na inathibitishika kwa risiti. Mwambie kila mwanachama alete risiti kwenye mkutano. Katibu aandike tarehe na namba yake. Usihesabu ahadi. Anayesema atalipia mwezi ujao aingie kwenye taarifa ya mwezi ujao.

7. Taarifa inatakiwa sasa lakini ng'ombe hawajazaa. Nishukuru kwa lipi?

Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na siku kadhaa. Mtamba aliyegawiwa akiwa na mimba ya miezi miwili hatakuwa na maziwa kwa taarifa ya miezi mitatu, hata mfugaji afanye nini. Usiyazue.

Andika kilichopo na lini kinachofuata kitaonekana: "Mitamba wote 10 wako hai, daktari wa mifugo amethibitisha mimba zao, na wa kwanza anatarajiwa kuzaa Juni." Kisha shukuru kwa hicho. Samadi nayo huanza siku ya kwanza. Kama kaya zimeshaipeleka kwenye migomba au viazi, hilo ni badiliko dogo lakini la kweli. Mfadhili anayejua mifugo ataheshimu kwamba hukumkimbiza ng'ombe. Asiyejua atakuwa amefundishwa kusubiri, na taarifa ijayo ataisoma akiwa na hamu.

8. Mfadhili anauliza ndama waliopitishwa kwa kaya nyingine. Mbona ni wachache?

Huku kwetu miradi mingi ya maziwa huenda kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ndama: kaya iliyopata mtamba inatoa ndama jike wake wa kwanza kwa kaya nyingine. Tatizo ni kwamba watu hupiga hesabu kama kila ndama ni jike. Kwa kawaida karibu nusu huwa madume, na kwa ng'ombe wachache bahati huweza kuegemea upande mmoja. Katika mfano wetu wamezaliwa ndama wanane, majike watatu na madume watano. Hakuna aliyekosea.

Tena ndama hapitishwi akiwa ananyonya. Anasubiri aachishwe, akue, na afikie umri uliotajwa kwenye mkataba wa kikundi. Kwa hiyo kwenye aya ya mwezi wa saba wa mradi usiandike "tumepitisha" wala usikae kimya. Andika kwamba majike watatu wamezaliwa na kaya zitakazowapokea zimeshaorodheshwa. Maelezo ya madume yaweke ndani ya taarifa, mstari mmoja au miwili.

9. Halmashauri ilitupa afisa mifugo, na kanisa lilitupa eneo la mafunzo. Nikiwataja, mfadhili hataona kama namnyang'anya sifa?

Wataje. Mfadhili makini anajua kwamba ng'ombe 10 peke yao hawaleti maziwa kituoni. Tofauti iwe kwenye kitenzi. Kwa mfadhili: "tusingeweza kununua mitamba bila ninyi". Kwa afisa mifugo: "alitutembelea kila mwezi". Kila mmoja amepewa kilicho chake. Kwenye aya yenyewe nusu sentensi inatosha. Orodha ndefu ya walioshiriki ikae kwenye sehemu yake, vinginevyo aya inageuka kuwa neno la shukrani la harusini.

## Aya iliyokamilika

10. Naomba nione mfano mzima.

Huu hapa, kwa taarifa ya mwanzoni mwa Oktoba:

> Mwezi Machi mlitupatia mitamba 10 wenye mimba, wakapokelewa na kaya 10 za kata yetu, wilayani Rungwe, ambazo hazikuwa na ng'ombe wa maziwa. Hadi mwisho wa Septemba wanane wamezaa, mmoja tunamsubiri Oktoba, na mmoja tulimpoteza Mei kwa ndigana kali. Maelezo yake yako sehemu ya tatu. Septemba pekee kaya nane zilipeleka kituoni lita 1,920 za maziwa, na tano kati yake zimeshalipia bima ya afya kwa pesa hiyo. Mwenzetu mmoja, bibi anayelea wajukuu watatu, ameezeka jiko lake kwa mabati sita, na ametutuma tuwaambie kwamba mvua za mwaka huu hazitamzimia moto. Ndama jike watatu waliozaliwa wameshapangiwa kaya za kuwapokea. Mabanda tulijenga na majani tulipanda wenyewe, lakini mitamba tusingeweza kuwanunua bila ninyi. Tunawashukuru sana.

Angalia kwamba neno la kushukuru limetokea mara moja tu, mwishoni, na bado aya nzima ni shukrani. Bibi hajapewa jina (swali la 13 linaeleza kwa nini). Ng'ombe aliyekufa ametajwa bila kufichwa na bila kulia (swali la 14). Na hakuna ombi (swali la 15).

Usiichukue ilivyo ukabadilisha namba. Mfadhili mmoja anaweza kuwa anasaidia vikundi vitatu vya Tukuyu na viwili vya Njombe. Akikuta sentensi ile ile ya mabati sita kwenye taarifa mbili, zote mbili zimeharibika.

## Lugha na heshima

11. Kwa nini "tunatoa shukrani zetu za dhati zisizo na kifani" haitoshi?

Kwa sababu inaweza kuandikwa na mtu ambaye hajamwona hata ng'ombe mmoja wa mradi. Si kosa kuisema, hasa kwenye hotuba ya makabidhiano ambako watu wanatarajia maneno makubwa. Kwenye karatasi, kila neno la sifa linachukua nafasi ya jambo ambalo mfadhili angependa kulijua.

Jaribu kuligeuza. Badala ya "msaada wenu umekuwa na manufaa makubwa sana kwa jamii yetu", uliza: manufaa gani, kwa nani? Utajibu, "watoto wa kaya hizi wanakunywa maziwa nyumbani." Basi hilo ndilo la kuandika. Badala ya "hatuna cha kuwalipa", andika mnachofanya na walichotoa: "tumekubaliana kila kaya iogeshe ng'ombe kila wiki, na kamati inapita kukagua." Mtu aliyetoa kitu hutulizwa moyo na kuona kinatunzwa.

Jihadhari pia na kuwadhalilisha watu wenu ili mfadhili aonekane mkubwa. "Tulikuwa maskini wa kutupwa, gizani, mpaka mlipokuja" haifurahishi kaya zinazolima viazi, mahindi na ndizi miaka yote na zinazolea watoto wao. Uliza kama ungeweza kuisoma aya hiyo kwa sauti mbele yao. Kama unaona haya, ibadilishe.

12. Naruhusiwa kuandika "Mungu awabariki"?

Ndiyo, kama ndivyo mnavyosema na mfadhili hatashangaa. Kwa kikundi kilichoanzia jumuiya ya kanisa, kuiondoa kunaweza kuifanya aya isikike kama imeandikwa na mgeni. Iweke mara moja, mwishoni, baada ya matokeo. Kinachokera ni aya inayoanza kwa mistari mitatu ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhai na afya, kisha maziwa yakapewa nusu sentensi. Kwa mfadhili wa serikali au taasisi isiyo ya dini, "tunawashukuru sana" ina uzito wa kutosha.

13. Naweza kumtaja mwanachama kwa jina na kuweka picha yake?

Kwa ridhaa yake tu, na ridhaa hiyo iwe ya kweli: mwonyeshe sentensi na picha yenyewe, mweleze itasomwa na nani, na kwamba inaweza kuishia mtandaoni. Mwambie pia kwamba akikataa, ng'ombe wake hachukuliwi. Wengi hukubali kwa sababu wanaogopa hilo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nayo inavihusu hata vikundi vinavyokusanya na kusambaza taarifa za watu. Weka ridhaa kwa maandishi, na kwa mtoto aridhie mzazi au mlezi.

Mambo ya afya yana uzito wa peke yake. Njombe, Iringa na Mbeya zina miradi mingi inayowagusa watu wanaoishi na VVU, na katibu mwenye nia njema anaweza kuandika "mwenzetu anayeishi na virusi sasa ana nguvu kwa sababu ya maziwa". Usifanye hivyo, hata bila jina, kama kijijini watu watamtambua kwa maelezo mengine. Bibi mmoja mwenye wajukuu watatu na jiko jipya la mabati anatambulika na kata nzima. Kwa hiyo hata yeye wa kwenye mfano angeulizwa kwanza. Ukishuku, punguza alama: toa idadi ya wajukuu, bakiza mabati.

## Hali zenye utata

14. Ng'ombe mmoja amekufa. Nimtaje kwenye aya ya shukrani?

Mtaje, kwa nusu sentensi, na uelekeze yaliko maelezo. Mfadhili alitoa 10 na anajua kuhesabu. Akisoma wanane wamezaa na mmoja anasubiriwa, atamtafuta wa kumi. Afadhali amkute hapo hapo kuliko kwenye ukurasa wa mwisho.

Maelezo ya ndani yawe na chanzo, dalili, hatua zilizochukuliwa na kilichobadilishwa. Kwa ndigana kali, ambayo huletwa na kupe, sehemu ya tatu ya mfano wetu ingesomeka hivi: mtamba alipata homa kali na kuvimba tezi, akaacha kula, mwanachama alitoa taarifa siku ya tatu, daktari alimtibu lakini ugonjwa ulikuwa umeshakolea, tangu hapo kaya zote zinaogesha kila wiki na zimekubaliana kupiga simu siku ile ile ng'ombe anapokataa majani. Usimtupie lawama mwenye ng'ombe. Na eleza kaya iliyofiwa na ng'ombe itapata nini: kama mkataba unaipa nafasi ya kwanza kwenye ndama jike, andika.

Kama hasara ni kubwa zaidi, tuseme wamekufa wanne kati ya 10, usisubiri taarifa. Mpigie mfadhili au mwandikie mapema. Aya ya shukrani si mahali pa kumpa mtu habari mbaya kwa mara ya kwanza.

15. Naweza kuomba msaada mwingine humo humo?

Hapana. Ombi likiingia kwenye aya ya shukrani, sentensi zote zilizotangulia zinageuka kuwa utangulizi wa ombi. Mahitaji yenu yana sehemu yake, "Changamoto na hatua zinazofuata", na huko andikeni bila woga: chanjo, dawa, mashine ya kukatia majani. Kama mfadhili amekwisha kusema mzunguko unaofuata haupo, heshimuni hilo, na aya iandikwe kwa ukamilifu ule ule.

16. Mfadhili wetu ni kijana wa hapa hapa aliyeko Dar es Salaam. Bado tuandike hivi?

Ndiyo, tena yeye ndiye anayepokea taarifa za mdomo nyingi kuliko mtu yeyote, kila mmoja akimpigia na habari yake. Aya moja iliyosomwa kikaoni inamtuliza. Lugha ndiyo inayobadilika: mwiteni mnavyomwita siku zote, "mwanetu" au "kaka yetu", na hakuna haja ya kueleza Rungwe iko wapi. Namba zibaki na ukali ule ule, kwa kuwa kijana huyu akija Desemba ataenda mwenyewe kituoni kuangalia daftari. Msimtungie sifa za ukoo. Mwambieni ng'ombe wako vipi.

17. Tuna wafadhili wawili, mmoja wa mitamba na mwingine wa mafunzo. Niwape aya moja?

Kila mmoja apate yake, ikianza na kile alichotoa. Lita 1,920 zinaweza kutajwa kwa wote wawili, mradi kila aya iseme kwamba mwingine naye alihusika. Usipofanya hivyo, na wafadhili hao wakakutana kwenye kikao Mbeya mjini, itaonekana kana kwamba kikundi kina lita 3,840. Kwa aliyetoa mafunzo tafuta badiliko lililo karibu zaidi na mafunzo: kaya ngapi sasa zinaogesha kwa ratiba, au ni mara ngapi maziwa yalikataliwa kituoni kabla na baada ya watu kufundishwa usafi wa ukamuaji na kuacha kubebea maziwa kwenye vidumu vya plastiki.

18. Tumeshatuma, kisha tumegundua namba si sahihi. Tufanyeje?

Andikeni siku hiyo hiyo, kwa ufupi: "Katika taarifa yetu tuliandika lita 1,920 kwa Septemba. Tumepitia daftari upya na kukuta lita 140 za mwanachama asiye wa mradi zilichanganywa. Namba sahihi ni 1,780. Nakala iliyosahihishwa imeambatishwa." Rekebisheni na namba zinazoitegemea: wastani wa ng'ombe kwa siku unashuka kutoka lita 8 hadi takriban 7.4. Sahihisheni pia kwenye daftari la kikundi na kwenye nakala inayobaki ofisi ya kata, ili mwaka ujao atakayeandika asichukue namba ya zamani.